Kofia ya Msemaji wa Mahari

Studio yetu ya picha iko Remera, na bosi wangu anaiamini kompyuta kuliko macho yake. Siku moja alikuja mzee ambaye kazi yake ni kusemea familia kwenye sherehe za mahari. Alipigwa picha kichwa wazi, kisha akaomba avalishwe kofia humo humo kwenye picha. Bosi akaiandikia programu agizo la maneno mawili: mvalishe kofia. Mara moja mzee akapata kofia, nywele za kijana wa miaka ishirini, na sikio moja pungufu. Bosi akasema imetoka safi.

Mimi, bingwa nisiyeulizwa, nikairudia. Nilichukua kofia peke yake, nikaiweka juu ya picha ya mwanzo, nikafuta kingo zake taratibu mpaka masikio yote mawili yakarudi. Nikaisogeza nyuma kidogo isije ikaleta kivuli kipya kwenye paji. Kivuli cha awali, kilicholetwa na mwanga wa dirishani, nilikiacha kilivyo. Nywele zikaanzia pale pale zilipokwisha kukimbilia, nyuma huko utosini. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mzee aliporudi, picha ya bosi aliirudisha mezani. Yangu aliishika muda mrefu, akalitazama paji lake lote linavyong'aa.

"Dada, umefanya kazi nzuri sana," akasema kwa upole. "Ila kofia niliiomba ifunike huu upara."