Risiti ya Baba Mkwe

Duka la Kabula la kuchapa na kudurufu, pale Kisarawe karibu na ofisi za wilaya, lilitegemea laptop moja kuukuu. Alipewa na baba mkwe wake, Mzee Masumbuko wa kijiji cha Janga, siku alipolifungua. Diski ilipokufa, watu walikuja na barua zao wakaondoka nazo. Wiki mbili za hivyo na wangezoea duka jingine.

Fundi Calist aliweka diski mpya, akachomeka flashi yenye Windows. Mashine haikutaka kuwaka kwa flashi, na alipojaribu kubadilisha mpangilio huo, ikadai nenosiri la msimamizi. Kwenye kioo paliandikwa kuwa ni mali ya kampuni moja ya Kibaha. Kabula alibahatisha jina la mumewe, la mzee, hata la fahali wa mzee. Baada ya mara tatu mashine ikagoma mpaka izimwe. Calist akachomoa kibetri cha ndani akakirudisha, lakini nenosiri lilikuwa kwenye chipu isiyojali betri.

"Dada Kabula, kampuni yenyewe inaweza kulitoa," alisema. "Au wakala wa watengenezaji abadilishe ubao mama wenye chipu hiyo, na bei yake utalia. Naweza pia kujaza Windows kwenye diski nikitumia mashine nyingine, kisha niirudishe humu. Itawaka, ila ikiharibika tena tutarudi hapahapa. Kwa njia yoyote, nione risiti kwanza. Hapa pana jina la watu."

Kabula aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mkwe haulizwi risiti ya zawadi. Ni kumwita mwizi kwa adabu. Mumewe Ephraim, shujaa wa nyumba, alipoombwa ampigie baba yake alisema yeye hayumo. Siku nne Kabula alikaa kwenye duka tupu akiishika simu na kuiweka. Ya tano akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu?"

"Wazima." Akaeleza habari ya nenosiri yote, mpaka pumzi ikamwishia.

"Kwa hiyo wanataka risiti," alisema mzee.

"Fundi ndiye anaitaka, baba."

"Nitaituma."

Ilifika kwa basi ndani ya bahasha, ikiwa na muhuri wa kampuni, namba ya mashine na jina lake mzee. Kabula akabeba laptop hadi Kibaha. Biubwa, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni, alilinganisha namba na orodha ya vifaa walivyouza, akaingiza nenosiri, akalifuta, akaomba radhi kwa kutolifuta kabla ya kuuza. Dakika kumi hazikufika. Kesho yake flashi ilisomwa na printa ikaanza kazi.

Alimpigia mzee kumshukuru. Hakupokea. Jumapili, siku yake ya kula kwa Kabula, hakuja. Jioni Ephraim alimaliza kuongea na baba yake, akakata simu, akakaa bila kumtazama mkewe.

"Baba anakusalimu. Anasema ile risiti umrudishie, asije akaulizwa na mwingine."