Dakika Moja ya Bi Tunu

Kila asubuhi, kabla hajagusa chupa, Bi Tunu hulowesha kitambaa katika maji ya moto, hukikamua, kisha hufuta koki ya pipa la asali. Ndivyo anavyoianza kazi katika karakana ya kufungasha asali mjini Tabora, miaka nenda miaka rudi.

Siku hiyo alikuwa na mtazamaji. Shamimu, msichana aliyetoka chuoni, alikuja na saa ya kupimia ili apange muda wa kujaza na kufunga chupa moja. Mjazaji ambaye angeshindwa kuufikia angeondolewa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pima tu, siumi."

Mikono ikaruka. Wastani wa chupa ukatoka sekunde arobaini.

"Tunu, unatuzika tukiwa hai," Martha, mjazaji wa pipa la pili, alinong'ona.

Shamimu alisikia. Jana yake, kupitia dirisha, alikuwa ameiona mikono ileile ikienda taratibu, bila jasho. Basi akaikadiria kasi ya leo kuwa robo zaidi ya mwendo wa kawaida, na arobaini zikawa hamsini. Akaongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya uchovu, haja ndogo na kufuta koki. Zikatimia sitini.

"Chupa moja kwa dakika," akatangaza kwa sauti ndogo.

Martha alishusha pumzi, akacheka. "Hiyo hata mimi na mgongo wangu naiweza."

Shamimu alifunga begi, akasita. "Mama, mbona ulikimbia hivyo?"

"Ulikuwa mgeni, mwanangu. Mbele ya mgeni hatuzembei."