Kisanduku cha Siku ya Hamsini

Kabla hajaugua, wifi yangu hakuwa na haja ya kulaza uzi juu ya kitambaa ili kujua kama vinaendana. Alitupa jicho mara moja kwenye kopo lake la bati, akauchomoa uzi na kuutunga kwenye sindano huku mdomo wake ukiendelea kukusema. Aliolewa, akafiwa, akarudi kuishi na kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, na cherehani yake ya miguu akaiweka kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Anashona sare za shule, anapunguza suruali, anabadilisha zipu. Tumeishi nyumba moja miaka kumi na mmoja, na sikumbuki siku iliyopita bila yeye kunitania.

Mimi aliniita Kiranja. Sikatai. Napenda vikombe vitazame upande mmoja, napenda mlango ufungwe kwa saa yake, na nikianza jambo sipumziki mpaka liishe. Kazini kwangu nasimamia jiko la shule, na huko pia nadhani wananiita hivyo nikiwapa kisogo.

Kikohozi chake tulikisingizia vumbi la vitambaa kwa zaidi ya miezi miwili. Kisha sketi zikaanza kumpwaya, na akawa anaamka shuka lake limelowa jasho. Makohozi yakapimwa, ukaonekana ugonjwa wa kifua kikuu. Sote nyumbani tukaitwa kupimwa, tukakutwa salama. Yeye akapewa dawa za miezi sita, vidonge vitatu kila asubuhi, na kadi ngumu ya manjano.

Kadi ile naijua kama kiganja changu. Ndani ina visanduku, kimoja kwa kila siku: ukimeza unatia tiki, usipomeza unaandika sifuri. Nyuma yake kuna maneno. Muuguzi wa chumba cha kifua kikuu, mama mmoja mrefu asiyepandisha sauti, alitusomea yote bila haraka. Mkojo na jasho vikigeuka rangi ya chungwa, usiogope, ni dawa. Kichefuchefu, maumivu ya viungo, ganzi ya miguu, usiache dawa bali njoo useme, utasaidiwa. Ukisahau na siku haijaisha, meza ukikumbuka. Siku ikishapita, usimeze dozi mbili kwa pamoja, endelea na ya siku hiyo na useme ukija kliniki. Tarehe za kurudi ziliandikwa kila baada ya wiki mbili, pamoja na siku ya kupima makohozi tena mwezi wa pili ukiisha. Chini kabisa, ndani ya fremu nyeusi: macho yakiwa ya manjano, au ukianza kuona vibaya, usimeze dawa, njoo kliniki siku hiyo hiyo.

Alisema pia kwamba anayekatiza dawa ovyo anawafundisha wadudu kuzizoea, na wakishazizoea matibabu yanakuwa marefu na mazito zaidi. Hilo ndilo lililoniingia. Wakati anasoma yaliyobaki mimi nilikuwa naangalia visanduku, nikifurahi kwamba vimepangwa vizuri. Kadi ikaandikwa kwamba mimi ndiye msimamizi wa dawa zake, yaani ndiye nitakayemwona akimeza na kuweka alama.

Tulianza vizuri. Saa kumi na mbili na nusu nasimama mlangoni kwake na kikombe cha maji, yeye ananiambia, "Kiranja amefika, wanafunzi simameni," anameza, natia tiki. Kichefuchefu kilimsumbua wiki ya kwanza. Muuguzi akashauri ale kitu kidogo kwanza, kikapungua. Homa ikaondoka. Siku ya kumi na nne uzito ulikuwa umeongezeka kilo moja, na akarudi nyumbani akiimba.

Wiki ya tatu nikaharibu. Siku ya kumi na nane nilitoka alfajiri kwa sababu shuleni kulikuwa na wageni, naye akapitiwa, na tulipokumbuka ilikuwa asubuhi ya pili. Alitaka niandike sifuri. Nilimwambia asinichafulie kadi kwa siku moja tu, nikatia tiki. Siku ya ishirini na nane muuguzi akamwaga vidonge vilivyobaki kwenye sahani, akavihesabu, akaviona vitatu ambavyo havikutakiwa kuwepo. Hakugomba. Aliniuliza ni siku gani, nikamwambia. Akafuta tiki yangu, akaandika sifuri, akasema sifuri ya kweli inamsaidia kuliko tiki ya uongo, maana kwa hiyo kadi ndiyo anaamua la kufanya.

Mtu mwingine angejifunza kusema kweli. Mimi nilijifunza kwamba sitaaibika tena. Njiani wifi yangu alinicheka mpaka akakohoa, nami nikala kiapo kimoyomoyo kwamba hakuna kisanduku kingine kitakachobaki bila tiki yake halali, hata dunia ipinduke.

Siku ya arobaini na tano alikaa kitandani na vidonge mkononi, akawa anatazama kitambaa alichokitundika ukutani. Akasema, "Wifi, hii nyekundu naona kama imefuliwa sana. Imepauka."

Kitambaa kilikuwa kipya. Nilikiona kipya, na bado nikamwambia ni mwanga wa asubuhi, ameze kwanza, nachelewa. Akameza. Kesho yake akasema tena, kwamba herufi za gazeti zina ukungu katikati. Nikamwambia ni uchovu, ameze kwanza. Siku ya tatu hakusema kitu, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Siku tano nilimsimamia na kikombe, siku tano akameza, na tiki zangu zilikuwa nzuri, zimenyooka.

Jioni ya siku ya tano ndipo mama mmoja mteja aliporudisha sketi ya binti yake. Ilikuwa sketi ya kijani, na pindo lake lote lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kahawia. Hakuja kwa shari. Alisema tu kwamba anajua fundi hawezi kukosea hivi. Wifi yangu akaipeleka sketi mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso, akamwomba radhi. Mteja alipoondoka akaanza kufumua pindo kwa kupapasa nyuzi na vidole. Kisha akaiacha. Nilimwona ameinama dirishani na kadi, ameisogeza karibu kugusa pua, anaisoma upande wa nyuma neno moja moja.

Asubuhi ya siku ya hamsini nilifika na kikombe. Hakunitania.

"Leo simezi," akasema.

Nikamwambia asilete mchezo. Nikamkumbusha wadudu wanaozoea dawa, nikamkumbusha sahani ya muuguzi, nikamwambia nimehangaika naye siku hamsini na leo anataka kuniangusha. Nilipandisha sauti, na yeye ni mkubwa kwangu. Alingoja nimalize. Alikuwa na kastabini ya chuma kidoleni, ile kofia ndogo ya kukinga sindano, na kwa kidole hicho akagonga kadi chini, penye fremu nyeusi.

"Soma hapa, wifi. Mimi imenichukua jioni nzima."

Nikasoma. Lakini ukaidi wangu ulikuwa bado hai, nikamwambia haya, twende kwa muuguzi atuamue, na moyoni nilitegemea atamkemea yeye.

Kliniki muuguzi hakungoja zamu yetu. Aliposikia neno macho alituingiza ndani mara moja, akamwita daktari. Wifi yangu akasimamishwa mbali na chati ya herufi, jicho moja limefunikwa, kisha la pili. Mstari wa tatu ukamshinda. Akafunguliwa kitabu chenye kurasa za vitone vya rangi, ambamo mimi niliona namba waziwazi kutoka kwenye kiti changu. Yeye alitazama ukurasa hadi ukurasa, akasema kwa upole kwamba haoni namba, anaona vitone tu. Ni mwanamke aliyechagua rangi za watu miaka ishirini na sita, na nikamwona akikunja mikono yake mapajani. Nikalia. Sikujificha.

Daktari akaeleza kwamba katika kila kidonge mna dawa nne, na moja kati yake kwa watu wachache hugusa mshipa wa macho, hasa kama figo zimedhoofu. Damu ikachukuliwa. Kesho yake majibu yakaonyesha figo zake hazifanyi kazi vizuri, jambo ambalo hakuna aliyelijua. Ile dawa moja ikaondolewa moja kwa moja, zile tatu zilizobaki akapewa kwa vipimo vipya, na tukaambiwa macho mara nyingi hurudi dawa ikiachwa mapema, ingawa si kwa kila mtu, na si lazima yote.

Niliuliza hiyo mapema ni lini. Daktari akasema siku ya kwanza ya kuona mabadiliko. Muuguzi alinitazama, kisha akatazama tiki tano nzuri za siku zilizopita. Naamini alielewa kila kitu. Alichukua kalamu, kwenye kisanduku cha siku ya hamsini akaandika sifuri, na pembeni akaandika: amefuata kadi.

"Huyu ndiye msimamizi," akasema, akimgusa wifi yangu bega. "Wewe msaidie."

Alimaliza miezi sita. Makohozi ya mwezi wa pili yalikuwa safi, ya mwezi wa tano na ya mwisho pia. Herufi zilirudi kidogo kidogo. Kufikia mwezi wa nne alisoma gazeti tena na kulibishia. Rangi zilirudi pia, lakini si zote. Nyekundu iliyokolea na kahawia na kijani cha giza bado humchanganya, na daktari wa macho amesema pengine zitabaki hivyo. Hakuna anayeweza kuniambia kama zile siku tano ndizo zilizochukua rangi hizo. Nimeuliza mara mbili, nikaacha.

Kadi iliyokwisha ameiweka kwenye kopo la nyuzi. Nikirudi kazini navuta kiti, nakaa karibu na cherehani, na nyuzi zote nimezipanga kwa mafungu kama anavyopenda yeye. Hajawahi kunikumbusha asubuhi zile, hata kwa utani, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kuacha utani upite. Jana alinyanyua vibiringo viwili vya uzi, akaviweka mbele yangu.

"Kiranja, kipi kijani?"

Nilivichukua vyote viwili, nikavipeleka mlangoni penye mwanga. Nilijua jibu tangu nilipokuwa nimekaa, lakini nilivitazama tena, taratibu, kabla ya kumjibu.