Makoti ya Makadre Vijana

Shangazi yangu aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni kubwa, akatoka mikono mitupu. Kabla sijaenda benki kusaini, aliniita pembeni. "Usiulize mushahara," akasema. "Uliza benye balikutangulia beko wapi. Tena, kifungo kinaanza kuhesabika siku gani." Mimi nina kichwa kigumu, lakini neno la shangazi huwa silitupi.

Benki ilikuwa imenichagua kwa programu yake ya makadre vijana, wahitimu wanaofundishwa ili baadaye wawe viongozi. Mtaa wetu wote hapa Bunia ulijua, maana mama alishatoa shukrani kanisani. Unazungushwa idara kwa idara mwaka mmoja, kisha unathibitishwa kwenye cheo. Ukishathibitishwa, miaka mitatu huondoki; hicho ndicho kifungo. Ukitoka kabla, unarudisha gharama zote za mafunzo. Mdhamini wangu alikuwa mama mwenyewe, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwekea dhamana ni kiwanja tulichojengea nyumba.

Asubuhi ya kusaini umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Nilitembezwa nione idara. Kwenye gishe, penye kupokelea wateja, kulikuwa na kiti kitupu kilichovikwa koti la kijivu. Kwenye ofisi za huku koti kwenye kiti lina maana yake: nipo, nimetoka kidogo tu. Nikauliza mwenye koti. "Iko mu rotasio," akajibu jirani yake bila kuinua macho, yaani anazungushwa idara nyingine.

Idara ya mikopo, koti lingine, la kike, mabega yamepauka. Mwenyewe? Yuko mu rotasio. Hazina, makoti mawili kwenye kiti kimoja, yana vumbi. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile.

Kwenye ukaguzi nilimkuta mama mmoja mwenye mvi mbili tatu. Kifuani alivaa kibao cha kazi kilichoandikwa Kadre Kijana. Nilitaka kucheka.

"Mama, na weye uko mu programu?"

"Niko."

"Tangu lini?"

Akatazama dari kama mtu anayetafuta jina la jirani aliyekufa zamani. "Nilianza wakati mutoto wangu wa kwanza alikuwa mu tumbo. Sasa iko sekondari."

"Na benye mulianza nabo?"

Akaelekeza mdomo kwenye makoti. "Beko hapa hapa. Mutu akienda konje ya kupumuzika, unakamata fasi yake. Akirudi, banakupeleka kwingine. Nani atakufundisha? Unajaza tu. Koti unaiacha, ili basisahau kama ulikuwa pale."

Shefu wa tawi alinipokea vizuri sana, kwa tabasamu lisilotoka usoni. Joto likanizidi, nikavua koti langu, nikalitundika kwenye kiti, nikaketi kusoma kontra, mkataba wenyewe. Nikamwuliza la shangazi.

"Miaka tatu inahesabika toka barua ya kukuthibitisha."

"Na hiyo barua inakuja wakati gani?"

"Nafasi ikipatikana."

"Na nikitoka mbele ya barua?"

"Unalipa. Ao mudhamini analipa."

Basi, kifungo kinachongoja barua wala hakijaanza, na kisichoanza hakiishi. Nikamwuliza nani aliipata mara ya mwisho. Hapo jenereta ikazima. Shefu akashika kibao kilichokuwa kifuani pake, nami kwa mara ya kwanza nikakisoma: Kadre Kijana.

"Hata mimi niko naingojea," akasema, akinisogezea kalamu. "Hapa ninashikilia tu."

Niliogopa, nasema wazi. Nikamwambia ninakwenda kuongea na mama, nikatoka. Nilipofika juani ndipo nikagundua nimeacha koti. Sikurudi.

Mama alininunia siku nyingi. Kiwanja kipo, nyumba ipo, na mimi siku hizi nafanya hesabu za wafanyabiashara wa ng'ombe. Si cheo, lakini najua mwezi wangu unaisha lini.

Juzi tajiri wangu alinituma benki kuweka pesa. Nikiwa kwenye foleni, akapita msichana anatembezwa, viatu vipya, uso unang'aa. Mlango wa mikopo ulikuwa wazi. Kwenye kiti kitupu niliona koti langu, na kifungo cha mkononi nilichokishona kwa uzi usiofanana. Msichana akaligusa, akauliza.

"Mwenyewe iko mu rotasio," mtu akamjibu.

Nilimaliza shughuli yangu, nikaenda kusimama langoni. Alipotoka nikamsalimia, nikamwuliza kama ameshasaini, na mdhamini wake ni nani.

"Ni mama yangu," akasema. "Nasaini kesho."