Sifuri ya Mbuchi

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikiambiwa gari linaondoka sasa hivi, namtafuta kwanza dereva kwenye usukani. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu wa kompyuta alipoweka mezani bodi ndogo ya umeme, nyembamba, akaniambia hiyo ndiyo itakayoendesha roboti yetu ya kwanza, niliitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa jana.

Roboti ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama, anayelima mpunga Mbuchi, karibu na mto unapoingia baharini. Yeye huonja maji ya mkondo, na yakiwa matamu hufungua tuta yaingie shambani. Msimu uliopita yaliingia ya chumvi, miche ikaungua yote. Wanawe wakamwambia waziwazi kwamba ikiungua tena, shamba analiacha na anahamia kwao Ikwiriri. Nilitaka kumtengenezea kiboti kidogo chenye pangaboi mbili za kukisukuma, kiende kwenye mkondo, kipime chumvi na kutuma namba kwenye simu.

Mimi nilitaka bodi ya Arduino. Ninafundisha fizikia Kibiti, na bodi hiyo wanafunzi wameitesa kwa kila namna, nayo inadunda tu. Ila haina Wi-Fi. Niliichomekea moduli ya Wi-Fi, ikawa kila ikitaka kutuma inazima na kuwaka upya, maana tundu la volti 3.3 la Arduino halitoi umeme wa kuitosha. Mwenzangu alicheka. Bodi yake, ESP32, ina Wi-Fi ndani kwa ndani.

"Mbuchi kuna Wi-Fi gani?" nikamuuliza. "Na hizo namba zinakwenda kwa nani?"

"Haziendi kwa mtu. Bodi inatengeneza mtandao wake yenyewe, simu inaingia humo. Hata bando huhitaji."

Majibu yake yalikuwa mepesi mno, na majibu mepesi hunitia wasiwasi. Nilikubali kwa shingo upande. Tukatumbukiza kipima chumvi kwenye ndoo, bodi ikiwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta, Wi-Fi bado haijawashwa. Maji ya bomba yalitoa namba ndogo, ya chumvi kubwa. Nikarudia mwenyewe, namba zikatoka zilezile, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Tukaenda Mbuchi. Mama mkubwa alikuwa tutani na jembe, na miche yake michanga ilikuwa imeanza kukauka ncha kwa kiu. Mwenzangu akawasha Wi-Fi, kiboti kikaingia kwenye mkondo vizuri kabisa, na simu ikaonyesha sifuri.

"Hamna chumvi!" akasema kwa furaha.

Mama mkubwa akachota kwa kiganja, akaonja. "Matamu haya," akasema, akainua jembe.

Sifuri ile haikunipendeza. Hata maji ya bomba hayakuwa yametoa sifuri. "Subiri, mama mkubwa," nikasema, nikachota na mimi. Nikatema papo hapo. Yalikuwa chumvi tupu.

Hasira zangu zilimwangukia mwenzangu kwanza. Alizima Wi-Fi, akachomeka waya wa kompyuta, na namba ikapanda juu. Alipoiwasha, sifuri ikarudi. Akakaa chini, akatafuta kwenye maelezo ya bodi aliyokuwa nayo kwenye simu, akayapata: baadhi ya pini za kusoma vipimo hazifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Sisi tulikuwa tumetumia pini 27, mojawapo ya hizo. Sifuri ile haikuwa kipimo, ilikuwa bodi imeshindwa kusoma. Akahamishia waya wa kipima chumvi pini 34, na safari hii Wi-Fi ikiwaka simu ilionyesha namba kubwa.

Kosa la bodi lilikuwa limepata maelezo; kuonja kwa mama mkubwa bado. Nilimgeukia mama mkubwa, naye alikuwa ameangalia pembeni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipougua," akasema polepole. "Mdomo umekufa. Sisikii chumvi, sisikii sukari. Mie nilisema tu vile simu ilivyosema."

Niliona uchungu mkali, maana nilielewa kwa nini miche ya msimu uliopita iliungua.

"Wanangu usiwaambie," akasema. "Wataninyang'anya shamba."

Siku chache baadaye mvua za huko mto unakotoka zikateremsha maji mengi ya mto, tukarudi. Simu ilionyesha namba ndogo, karibu sawa na ile ya bomba. Nikachota, nikaonja, nikamwambia ni matamu.

Mama mkubwa hakuitazama simu. Alinitazama mdomo, kama mimi ninavyowatazama watu nisiowaamini. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe mwanangu," akamwambia, "njoo uonje."