Soketi za Baada ya Chakula

Kazi ya mradi wa maji niliipata kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi na mwandiko unaosomeka. Sifa nyingine sikuwa nayo, labda ulimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na maji yalikuwa yashushwe kutoka chemchemi ya mlimani hadi vijiji vya upande wa Ihanda kwa mabomba meusi ya plastiki. Kila kaya ilichimba mtaro uliopita kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, na kila mwenye kibanja alikuwa na maoni yake kuhusu wapi mtaro ungepita vizuri zaidi, yaani kwa jirani.

Mabomba yalikuja vipande vipande, kila kimoja kirefu kuliko nyumba yangu. Kuviunga ndiyo ilikuwa kazi yetu. Fundi mmoja kutoka Mwanza alitufundisha kwa siku tano. Alituonyesha soketi, kipande kifupi cha plastiki ileile chenye waya uliojificha ndani. Unaingiza bomba moja upande huu na jingine upande ule, unapitisha umeme wa jenereta, waya unapata moto, plastiki ya soketi na ya bomba zinayeyuka na kushikamana zikawa kitu kimoja. Niliposikia hivyo nilidhani ni kazi ya kubonyeza kitufe tu.

Kumbe kitufe ndicho kilikuwa jambo dogo. Kwanza bomba likatwe mkato ulionyooka. Kisha ngozi yake ya nje ikwanguliwe, kwa sababu ngozi hiyo imechakazwa na jua na hewa na haikubali kushikamana. Fundi alichora mistari ya kalamu nyeupe kuzunguka ncha ya bomba na kusema, "Kwangueni mpaka mistari yote iishe. Ukibaki hata mmoja, hamjakwangua." Baada ya hapo unafuta kwa spiriti, unaacha ikauke, unatia alama ya kina cha kuingia, unaingiza. Mabomba yote mawili yanabanwa kwa klampu yasicheze. Umeme ukimaliza kazi yake, vipele viwili vinachomoza juu ya soketi. Hapo ndipo unangoja dakika zilizoandikwa kwenye soketi yenyewe, klampu ikiwa imebana, bila kugusa, bila kumwagia maji, bila kukalia.

Tulikuwa watatu. Msimamizi alikaa na jenereta. Mimi nilifuta, niliingiza, niliandika namba ya kiungo na saa, na nilifukuza mbuzi na watu wakati wa kungoja. Mkwanguaji alikuwa mtu mzima wa Rugu, kijiji cha jirani, baba wa watoto watatu, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakafanya vibarua vya kahawa mpaka wakapata kipande chao cha ardhi. Alikuwa mpole, wa maneno machache. Aliniita mama karani, na sikumkataza.

Kungoja kulinishinda kuliko yote. Siku moja bibi mwenye kibanja alikuja na ndoo ya maji, akaona soketi inatoa joto, akataka kuisaidia ipoe. Nilimkinga kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, bibi, usimwage."

"Marahaba. Chombo kikiungua si kinapozwa?"

"Hiki kinataka kuachwa."

Aliniangalia kama mtoto mvivu, akaenda zake. Kweli ulikuwa uvivu wa ajabu, watu wazima watatu kulinda bomba lisiguswe.

Fundi alipoona tumeelewa, aliondoka kwenda kwenye mradi mwingine, akasema atarudi baada ya wiki mbili. Tuliunga viungo kumi na sita. Kesho yake tukafungulia maji kutoka juu tukiwa tumeacha mtaro wazi ili tuone. Watu walikuja na madumu. Maji yalishuka, yakafika bondeni ambako msukumo ni mkubwa, na kiungo cha tano kikaanza kutoa machozi pembeni. Kisha cha sita. Cha kumi na moja kilirusha maji mpaka kwenye majani ya migomba, watoto wakashangilia. Wakubwa walibeba madumu yao matupu wakaenda nyumbani.

Mimi sikuelewa kitu. Viungo vyote kumi na sita vilichomoza vipele. Vyote nilivilinda kwa saa mkononi. Vilivyovuja na visivyovuja vilipita mikono ileile, siku zilezile, jenereta ileile. Nililala nikiwaza mvua, nikaamka nikiwaza mafuta ya jenereta, nikachoka. Msimamizi aliniambia nilete daftari, akasoma saa nilizoandika, akagonga ukurasa kwa kidole. Viungo vyote vilivyovuja viliungwa baada ya chakula cha mchana.

"Unaona?" akasema. "Huyu akishiba hakwangui. Anapitisha tu mkono."

Nilitazama safu ya saa. Ilikuwa kweli: saa saba na nusu, saa nane, saa nane na nusu. Sikuona jibu jingine, na nasema wazi, sikulitafuta sana. Kama si mkwanguaji, basi ni nani? Wengine walisema mtu wa kuja hana uchungu na maji ya kijiji. Huyo mtu wa kuja alizaliwa Rugu. Sikusema hivyo wakati ule. Nasema sasa, na kusema sasa ni rahisi.

Aliitwa. Alisimama kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mistari yote niliimaliza," akasema. "Asubuhi na mchana."

"Basi mbona inavuja?" msimamizi akamuuliza.

Alinitazama. Sijui alitaka niseme nini. Mimi nilikuwa nikimwona kila siku, hatua mbili kutoka nilipokaa, akikwangua huku akihesabu mistari kwa midomo. Nilichosema ni kwamba mimi niliangalia saa, sikuangalia mikono ya mtu. Aliambiwa asirudi kesho. Alivaa kofia, akatuaga wote, mimi pia, akashika njia.

Fundi aliporudi, msimamizi alimpa habari nzima pamoja na adhabu iliyokwisha kutolewa. Fundi aliomba msumeno, akakata kile kiungo cha kumi na moja kikiwa na kipande cha bomba kila upande, akakipasua kwa urefu, akachomeka bisibisi kati ya soketi na bomba. Upande mmoja haukubanduka hata alipokaza meno. Upande wa pili ulibanduka kama ganda la ndizi iliyoiva.

"Njooni," akasema. "Haya ni makwanguo. Yamezunguka bomba lote, hayana pengo. Huyu mtu alikwangua kuliko hata mimi."

"Sasa?" msimamizi akauliza.

"Sijui bado. Hapa plastiki iliyeyuka ikakataa kushika. Kuna kitu kilikaa katikati."

Akasema tule kwanza, halafu tuunge kiungo kimoja kama kawaida yetu, yeye atazame tu. Tulikula ndizi na maharage. Nilinawa kwa sabuni, nikatoa kikopo changu cha mafuta ya mgando, nikajipaka mikono na viganja. Kwetu mwanamke hatembei amepauka. Mama yangu alikuwa akiniambia kwamba ngozi kavu inamtangaza mtu kuwa hana wa kumtunza, na mimi kila nilipomaliza kunawa nilijipaka, bila hata kujua kama nimejipaka. Nikachukua kitambaa changu, nikachovya spiriti, nikafuta ncha ya bomba vizuri sana. Nikaishika ile ncha kwa kiganja kuiongoza kwenye soketi.

"Simama hapo," fundi akasema.

Nikasimama.

"Nionyeshe mkono."

Nilimwonyesha. Alipitisha kidole kwenye kiganja changu, akakipitisha kwenye bomba lililokwanguliwa. Bomba likikwanguliwa huwa na rangi iliyofifia, halina mng'ao. Pale alipopitisha kidole pakang'aa.

"Asubuhi unajipaka?"

"Nyumbani, alfajiri. Nikifika hapa vumbi limeshayamaliza."

"Nilisema mikono iwe safi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mikono yangu ni safi."

"Ni safi. Lakini ina mafuta. Na kitambaa nacho. Ilikuwa kazi yangu kuwaambia msiguse kabisa baada ya kufuta. Nilisema nusu."

Niliketi kwenye udongo wa mtaro. Nilikumbuka siku ya kiungo cha tano. Mkwanguaji alikuwa ameinama karibu na bomba, akasema taratibu, "Mama karani, hapa panang'aa. Nikwangue tena?" Nami nilimjibu mbele ya wachimba mtaro wote, "Kinachong'aa ni kisafi. Wewe kwangua, kufuta niachie mimi." Watu walicheka. Hakusema tena. Aliona. Aliona siku ya kwanza kabisa, na mimi nilimziba mdomo kwa sababu nilikuwa na saa na yeye alikuwa na kikwanguo.

Nilimweleza fundi yote hayo. Msimamizi alisikia, akaenda kuitazama jenereta ambayo haikuwa na tatizo lolote. Fundi akasema aitwe arudi, na viungo vyote vya baada ya chakula vikatwe viungwe upya. Nikasema nitakwenda kumwita mwenyewe.

Nilifika Rugu jioni mapema, miguu imejaa vumbi. Mkewe alikuwa akichambua maharage uani. Alinikaribisha, akanitandikia mkeka, akanipa maji. Mume hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nkwenda kutafuta kazi ya kupakia magunia kwa wanunuzi wa kahawa, na hakujua atarudi lini.

"Pole kwa kuja bure," akasema. "Na mtusamehe kwa yale mabomba."

"Kuwasamehe nini?"

"Alituambia. Alisema amewaharibia watu maji. Mwanzoni alikataa, alisema alikwangua yote. Halafu usiku ule alikaa akafikiri, akasema nyinyi watu wa kuandika mmeona kwenye daftari, basi lazima ni yeye. Labda mkono wake ulichoka bila yeye kujua. Alisema kazi ile ilimshinda."

Nilitaka kuondoka. Nasema ukweli, miguu ilitaka kuondoka kabla yangu. Nilimweleza kuhusu msumeno, makwanguo yaliyozunguka bomba zima, mafuta, na jinsi mumewe alivyoniambia panang'aa nikamjibu mpaka watu wakamcheka. Sikuruka lolote. Alisikiliza, ungo wa maharage ukiwa umetulia mapajani.

"Kwa hiyo hakukosea?"

"Hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Aliweka ungo chini, akainuka, akaenda pembeni mwa migomba akaita. Wakaja watoto watatu, wa kwanza msichana aliyekwisha kunizidi urefu. Waliniamkia, wakasimama mstari mmoja, hawajui walichoitiwa.

"Rudia," mama yao akaniambia. "Baba yao aliposema kazi ilimshinda, na hawa walikuwa wanasikia."

Nikainuka kwenye mkeka, nikarudia.