Somo la Mkato

Dukani walimwita Mama Lenzi, kwa sababu ile lenzi ndogo ya kukuza mara kumi haikumtoka shingoni hata akienda kula. Kazi yake ilikuwa kuuza pete za uchumba, na kwa miaka kumi na saba hakuna mteja aliyeinuka mezani pake bila kuelewa anachonunua. Hilo alilijua mwenyewe, tena alilijua sana.

Jumatatu moja aliingia dereva wa lori, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, kanyoa vizuri, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye anayechumbiwa.

"Dada, nataka almasi. Kubwa," alisema. "Ila nimeambiwa kuna mambo ya C nne, na mimi hata moja siijui."

"Kaa, kaka yangu. Ni herufi ya kwanza ya maneno ya Kiingereza tu, zisikutishe. Ni uzito, rangi, usafi na mkato. Ukitoka hapa utamfundisha na jirani yako."

Akaanza na uzito. Almasi hupimwa kwa karati, akamwambia, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Dereva akaguna, yeye amezoea tani. "Bei inaruka jiwe likitimiza karati kamili," Mama Lenzi alisema. "Chukua lililopungukiwa kidogo. Kwa macho hakuna atakayejua, ila mfuko wako utajua."

Kwenye rangi alikunja karatasi nyeupe, akalaza mawe mawili kifudifudi, uso chini, maana likiangalia juu mng'ao wake hudanganya macho. Lisilo na rangi kabisa huitwa D, halafu herufi zinashuka mpaka Z, penye umanjano wa wazi. Jiwe la G dereva aliliona jeupe pe, mpaka lilipowekwa ubavuni pa D. "Na mchumba wako hatatembea na jiwe la D la kulinganishia," Mama Lenzi alisema.

Usafi ulikuja na lenzi. Dereva alifumba jicho moja, akakunja uso wote. "Naona kidoa!"

"Kimo ndani, almasi imezaliwa nacho. Toa lenzi. Unakiona?"

"Sikioni."

"Basi usilipie usichokiona. Pesa yako weka kwenye mkato."

Hapo ndipo alipofanya alichokuwa akikifanya kila siku. Alivua pete kidoleni mwake, akailaza kwenye kitambaa cheusi.

"Hii ni yangu mwenyewe. Karati moja na robo, mzigo mzima. Lakini imekatwa kina kirefu kupita kiasi, uzito wote umejificha tumboni. Ukiitazama juu, upana wake haufiki hata wa jiwe la karati moja lililokatwa vizuri. Mwanga ukiingia haurudi machoni, unavujia chini. Ona katikati palivyo na giza. Dhahabu ya njano inafunika umanjano wa jiwe, na chini ya kucha hii inayolishika kuna ufa."

"Aliyenunua hii aliingizwa mjini!" dereva alisema, akacheka.

"Aliingizwa, na begi lake mkononi. Mwanamume akiingia dukani na neno 'kubwa' mdomoni, muuzaji anamshukuru Mungu wake."

Wakacheka wote wawili. Dereva akanunua jiwe dogo, chini ya nusu karati, lililokatwa vizuri hadi likawaka mezani. Mama Lenzi akarudisha pete yake kidoleni. Miaka ya mwanzo ilimuuma kidogo kuivua hivyo. Baadaye ilikuwa kama mizani na koleo, chombo cha kazi, na kilikuwa kinauza kweli.

Aliyemnunulia pete hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Na bawaba ya ubavu wa lori la dereva ilikuwa imekatika.

Haya mengine Mama Lenzi aliyajua baadaye. Dereva alipeleka lori kwa fundi, na wakati fundi akichomelea, yeye alikuwa na furaha ya kumsimulia yeyote mwenye masikio. Akaeleza karati, rangi, mpaka ufa chini ya kucha. Fundi akafunua kinyago cha uso. "Ulisema karati ngapi?" "Moja na robo." Fundi akakishusha, akamaliza bawaba, na waliosimama pale walisema aliimaliza vizuri.

Alhamisi asubuhi fundi aliingia dukani na ovaroli lake. Hakuwahi kuingia. Siku zote alimsubiri mkewe nje, eti viatu vyake vitachafua zulia. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Kuna nini? Watoto wazima?" Mama Lenzi aliuliza.

"Wazima. Nimekuja nifundishwe C nne. Kama unavyowafundisha wengine."

Mwenye duka alikuwa pale karibu na kabati la vioo, anatabasamu, hamjui mgeni. Mama Lenzi alijua papo hapo kwamba habari ya pete imemfikia. Lakini mwenye duka anatazama, na mume anasubiri. Akaanza. Karati. Karatasi nyeupe. Lenzi. Sauti yake ilikuwa inafanya kazi peke yake. Alipofika kwenye mkato akasita.

"Si hapa ndipo unapovua pete?" mumewe aliuliza taratibu.

Akaivua. Fundi alishika lenzi vizuri kuliko wateja wote, akatazama muda mrefu.

"Kweli. Giza liko katikati," alisema. "Pembe za chini zimezidi kina. Hili mimi ningelielewa, pembe ndiyo kazi yangu. Yule aliyeniuzia aliniwekea kwenye mizani tu. Nilichomelea mageti mwaka mzima kwa ajili ya ile mizani."

"Baba watoto, hapa si mahali pake..."

"Jiwe bovu si tatizo. Ungeniambia mimi kwanza, tungelicheka pamoja." Akaweka lenzi chini. "Umewaonyesha wangapi?"

"Sijui."

"Kadiria. Si ndiyo kazi yako?"

Watatu, wanne kwa siku, miaka kumi na saba. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwake. Watu wa mji mzima walikuwa wameketi kwenye kiti kile wakamcheka mume wake, na yeye aliwasaidia. Alitaka kusema samahani. Mwenye duka akakohoa, naye samahani akaimeza.

"Asante kwa somo, mtaalamu," fundi alisema. Akainuka, akapita zuliani bila kuangalia viatu.

Samahani aliisema nyumbani, tena na tena, mpaka ikachakaa. Fundi alijibu kila mara kwamba yamekwisha. Hakupaza sauti wala hakuhama chumba, na fedha za matumizi alitoa kama kawaida. Ila neno "mwenzangu," alilomwita tangu kabla ya harusi, halikurudi tena. Sasa ni mtaalamu. Mtaalamu, chai tayari. Mtaalamu, mvua inakuja. Watoto wanadhani ni utani, wanacheka.

Dukani Mama Lenzi sasa anafundisha mkato kwa kuchora kwenye karatasi. Wateja wanaelewa nusunusu, na mwenye duka ameuliza mara mbili ule mfano mzuri umekwenda wapi.

Juzi asubuhi aliamua kuiacha pete nyumbani kabisa. Akaiweka mezani, karibu na sahani ya mumewe, akitumaini ataelewa. Alikuwa keshafika mlangoni fundi alipomwita, akamfuata na pete kwenye kiganja chake cheusi cha moshi, akamkabidhi kwa adabu, kama mtu anayempelekea jirani kitu alichodondosha.

"Umesahau chombo chako cha kazi," alisema.